Kichwa kinachogonga ukijitwika mzigo, na ile mara ya kwanza

Swali: Habari za kazi dokta. Nina miaka 42, nabeba mizigo mwaloni Kibirizi, simenti, magunia, madumu ya mawese, chochote kinachokuja. Kama wiki tatu sasa nikijitwika kitu kizito kichwa kinaanza kugonga pande zote mbili, nikitua nikakaa kivulini kinaisha baada ya nusu saa au lisaa. Asubuhi nameza panado mbili ndo naingia kazini. Wenzangu wanasema jua, wengine presha. Ni nini hii, na niendelee na panado? Ila ile mara ya kwanza kabisa kilikuja vibaya, kama mtu kanipiga nyundo kisogoni, nikatapika, shingo ikauma siku mbili, tangu hapo hakijarudi hivo.

Jibu: Kaka, ungeishia kwenye panado ningekujibu kwa mistari kumi nikaenda kulala. Hiyo sentensi yako ya mwisho, uliyoiweka kama nyongeza tu, ndo yenyewe. Kwahiyo naanza na la kufanya afu maelezo yanafuata: usibebe tena mpaka uonwe, na nenda hospitali yenye daktari leo, usisubiri Jumatatu. Kama zahanati ndo iko karibu pitia wakuandikie rufaa ya hospitali ya Maweni, lakini usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu tu, na hapa chini nakwambia cha kuwaambia.

Kichwa kinachokuja kwa kujikaza, sisi swali la kwanza tunalouliza siyo kinauma kiasi gani, maana kila mtu anasema kinauma sana. Tunauliza kilichukua muda gani kufika kileleni. Kile kinachoanza kidogo, kinagonga kufuata mapigo ya moyo, kinaongezeka unavyozidi kubeba, hicho mara nyingi hakina ubaya. Kile ambacho ulikuwa mzima, na kabla hujahesabu mpaka sitini kikawa ndo maumivu makali kuliko yote uliyowahi kupata maishani, hicho tunakichukulia kama mshipa wa damu umevuja kwenye ubongo mpaka vipimo vikatae. Si kwamba kila mtu wa hivyo amevuja, wengi wakipimwa wanakutwa salama, ila huwezi kuwajua kwa kuwaangalia usoni, na wewe mwenyewe huwezi kujijua kwa sababu tu umepona.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Umeshaona tairi la baiskeli lililochanika pembeni, tyubu inatoa nundu kwenye ule mpasuko? Baiskeli inatembea tu, hata wiki, siku ukiipakia madumu manne ya mawese ukapita kwenye shimo ndo inapasuka. Watu wengine wana nundu ya namna hiyo kwenye mshipa wa damu chini ya ubongo, hawajui, haiumi, wanazeeka nayo. Kwa wachache inafika siku inavuja. Ikipasuka kabisa mtu anaanguka palepale na hapo hakuna wa kujiuliza. Ila kuna wakati inachuruzika kidogo tu kisha inajiziba na donge la damu, na huyo mtu anapata kichwa cha nyundo, anatapika, shingo inakakamaa kwa sababu ile damu inawasha ngozi zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, baada ya siku kadhaa anaamka mzima anarudi kazini. Lile donge lililoziba si fundi wa kudumu. Hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi masaa 24 ya mwanzo na inaendelea kuwepo wiki zinazofuata, na mara ya pili huwa haina huruma kama ya kwanza.

Sasa kwa nini itokee kwenye mzigo? Ukijitwika mfuko wa simenti wa kilo 50 angalia unachofanya bila kujijua: unavuta pumzi, unaifungia kifuani, unakaza tumbo, ndo unainuka. Kifua kikikazwa hivyo damu inayoteremka kutoka kichwani inakosa njia ya kuingia moyoni, ndo maana mishipa ya shingo inatuna kama kamba na macho yanakuwa mekundu. Na presha yenyewe inaruka. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliweka kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyua vyuma wakiwa kazini, kwenye kusukuma uzito kwa miguu yote miwili wastani ulifika 320 kwa 250. Hao walikuwa vijana wazima wenye presha ya kawaida, wakiachia uzito inashuka ndani ya sekunde chache. Mshipa mzima unalimudu hilo kila siku bila tatizo. Mshipa wenye nundu ndo unaonekana hapo.

Kwahiyo ukifika usiseme "kichwa kinaniuma nikibeba". Ukisema hivyo utapimwa malaria, na kwetu huku malaria haikosekani, kipimo kikitoka chanya faili linafungwa unarudi na dawa mseto. Sema hivi: "wiki tatu zilizopita nilipata kichwa cha ghafla nikiwa nimebeba, kilifika kileleni ndani ya dakika moja, nilitapika na shingo ikakaza siku mbili." Maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo. Daktari akisikia "ghafla", "dakika moja" na "shingo" anaacha kalamu anakuangalia.

Na kuna jambo moja kuhusu kipimo ambalo watu wengi hawalijui, nakaa nalo kidogo kwa sababu linakuhusu wewe. Siti skani ya kawaida ya kichwa inaona damu mbichi vizuri sana, ndani ya masaa sita ya mwanzo karibu haikosei. Ila damu inayeyuka. Ikifika wiki moja siti inaweza kukosa karibu nusu ya waliovuja. Ndo hapo daktari anachukua maji ya uti wa mgongo, sindano ya mgongoni, ile watu wanayoiogopa kwamba inapoozesha (haipoozeshi, inachomwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia), anaangalia kama maji yana rangi ya manjano ya damu iliyooza. Hiyo rangi inakaa kama wiki mbili, kwa wengine zaidi kidogo. Wewe uko wiki tatu. Maana yake siti ya kawaida ikitoka safi leo haikusafishi, na maji ya mgongo nayo yanaweza kuwa yameshakuwa meupe. Wewe unahitaji picha ya mishipa yenyewe, ile siti wanayokuchoma dawa mkononi ili mishipa ionekane, hapo nundu kama ipo inaonekana hata kama damu ilishapotea zamani. Uliza waziwazi: "picha ya mishipa inawezekana hapa, au niandikiwe rufaa ya hospitali ya Bugando?" Safari ya Mwanza ni ndefu na gharama naielewa, lakini si safari ya kufunga na mzigo wa dagaa mabegani, na usiende peke yako.

Haya, tuseme umepigwa picha na mishipa iko safi, na naomba iwe hivyo. Hivi vichwa vyako vya sasa ni nini?

Kwa ulivyoeleza, kugonga pande zote mbili, kinakuja na mzigo, kinaondoka ukitua, hiyo ni picha ya kichwa cha kujikaza cha kawaida. Kinawapata wabeba mizigo, wanyanyua vyuma, wakimbiaji, hata wapiga makasia, na kinapenda joto. Kinaweza kuisha kwa dakika tano au kikakaa hadi siku mbili, kikizidi siku mbili siyo hicho tena. Na niseme tu maana watu wanaona aibu kuuliza: ndugu yake ni kichwa kinachowapiga watu wakati wa tendo la ndoa, sheria ni ileile, cha ghafla cha mara ya kwanza kinaenda hospitali, hata kama utaona haya kueleza kilianzia wapi.

Kwa watu wengi hiki cha kawaida kinaisha chenyewe baada ya miezi, lakini kazi haisubiri miezi, kwahiyo kuna ya kufanya. Kubwa ni pumzi. Usijitwike mwenyewe kutoka chini, hapo ndo mtu anafunga pumzi kuliko pengine popote. Twikwa na wenzako wawili, mfuko uwe umeshafika usawa wa bega ndo uingie chini yake, na wakati unanyooka toa pumzi kwa mdomo taratibu kama unapuliza jiko la mkaa. Wazee wa bandarini wanaoimba wakibeba hawakuwa wajinga, huwezi kuimba huku umefunga pumzi. Lingine ni kuanza mdogo mdogo. Boti ikifika asubuhi kila mtu anakimbilia mifuko miwili miwili ili awahi hesabu, mwili umetoka kitandani saa hiyohiyo. Anza na vitu vyepesi kama robo saa, damu ichangamke, ndo uingie kwenye simenti. Na lumbesa iache. Gunia lililoandikwa kilo 100 likishonewa kilemba juu linafika 120 na zaidi, hiyo ilishapigwa marufuku kwenye biashara lakini bado inapita, na anayelipa tofauti ni shingo yako.

Sasa hao wenzako wa jua na presha. Jua lipo, sikatai, ila kichwa cha jua na kukosa maji kina tabia yake: kinakuja taratibu saa tano saa sita, baada ya jasho jingi, kinabana kichwa kizima, mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, na hakiondoki kwa kutua tu, kinaondoka ukishakunywa maji na kula kitu. Kikikupiga saa kumi na mbili asubuhi kwenye mfuko wa pili usilisingizie jua, jua lenyewe halijachomoza vizuri.

Presha ndo kabisa. Watu wakiumwa kichwa wanasema presha imepanda, lakini presha ya 150 au 160 kwa kawaida haiumizi kichwa, ndo maana inaua kimyakimya. Inapofika 180 kwa 120 kwenda juu ndo inaanza kuleta kichwa. Pima, pima ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, mkono uko usawa wa moyo, siyo umetoka kutua gunia unakimbilia kwenye mashine ya duka la dawa. Ikiwa juu itibiwe kwa sababu zake yenyewe, na pia kwa sababu presha ndo inayotanua zile nundu nilizosema.

Shingo nayo ina lake. Mnaobeba kwa kuweka mfuko nyuma ya shingo, misuli ya pale inakuwa na vifundo, maumivu yanapanda kisogoni mpaka nyuma ya macho. Ukibonyeza kifundo ukakipata kichwa kilekile, au ukigeuza shingo kinakuja, ni misuli. Ila kama mfuko ulikuangukia au shingo ilipinda kwa nguvu, afu upande mmoja tu wa shingo na uso unauma, na kope la upande huo limelegea au mboni ya jicho imekuwa ndogo kuliko ya pili, hapo mshipa wa shingo umechanika kwa ndani na hiyo ni dharura, inaleta kiharusi hata baada ya siku kadhaa.

Kuna mmoja nikusimulie maana alinifundisha. Mzee wa miaka 50 na kitu, alikuwa anasukuma baiskeli ya mawese kutoka Ujiji kuja mjini, na njia unaijua ina vilima. Akaja na kichwa. Kila akipanda, mahali palepale karibu na juu, kichwa kinambana. Akisimama akaegemea baiskeli dakika tano kimeisha, anaendelea, kilima kingine kinarudi. Kifua hakiumi. Alishameza diklofenaki za duka moja la dawa karibu mwezi mzima. Mimi nikamwandikia miwani, nakiri, niliona macho yake yana shida nikajiridhisha na hilo. Akarudi baada ya wiki mbili na miwani yake mpya na kichwa chake kilekile, na safari hii akasema kitu: "dokta, nikishuka kilima hata mzigo uwe mara mbili hakiji." Hapo nikashtuka. Kichwa kinachofuata kazi ya moyo, kinakuja moyo ukichoka na kuondoka moyo ukipumzika, si cha kujifunga pumzi. Tukampima umeme wa moyo akiwa amekaa, mistari ilikuwa na mashaka, tukampa rufaa, wakakuta mishipa ya moyo imeziba. Moyo wake ulikuwa unalilia kichwani badala ya kifuani. Hii ni nadra, siwatishi, ila mtu wa zaidi ya 40, hasa mvuta sigara au mwenye kisukari au presha, akiumwa kichwa kwa kupanda na kupona kwa kusimama, aombe kipimo cha moyo. Na zile diklofenaki zilikuwa zinamharibia zaidi, kwa mtu wa moyo si dawa nzuri.

Tukiwa hapohapo kwenye dawa. Panado yenyewe si mbaya, mbili mbili zisizidi nane za miligramu 500 kwa siku, ila kumeza kila asubuhi kabla ya kazi ni kuzima kengele huku moto haujaangaliwa. Pia dawa ya maumivu ikimezwa siku 15 na zaidi kila mwezi, miezi ikapita, yenyewe inazaa kichwa cha kila siku, na zile zilizochanganywa na kafeini zinafanya hivyo haraka zaidi, siku kumi kwa mwezi zinatosha. Kwako wewe kwa sasa, kabla ya picha, usiguse aspirini wala diklofenaki wala ibuprofeni, zote zinazuia damu kuganda na hatujui kuna nini ndani. Picha ikitoka safi na kichwa kikaendelea, kuna dawa inaitwa indometasini inamezwa muda mfupi kabla ya kazi na inawasaidia wengi, lakini inaleta vidonda vya tumbo, na figo zilizokauka kwa jasho haiziachi salama, kwahiyo ni ya kuandikiwa na daktari na kumezwa na chakula, siyo ya kuelekezana mwaloni. Kuna propranolo pia, nayo ni ya daktari, mwenye pumu haimfai.

Na zile kopo za kuongeza nguvu mnazopiga asubuhi, pamoja na bangi, na vidonge vya mafua vya kuzibua pua: punguza au acha kabisa kipindi hiki. Kuna hali ambapo mishipa ya ubongo inajibana ghafla na kuachia, inaleta kichwa cha nyundo kinachojirudia kwa wiki kadhaa, na bangi na vidonge vya kuzibua pua ni kati ya vitu vinavyoichokoza. Inawezekana hata chako ndo hicho. Picha ya mishipa inasaidia kutofautisha, sababu nyingine ya kuiulizia.

Kichwa kinachokuja kwa kukohoa, kupiga chafya au kujikaza chooni, sekunde chache tu kimeondoka, hicho sikizungumzii sana kwa sababu siyo chako, ila mwenye nacho apigwe picha mara moja, baadhi yao ubongo wa nyuma unakuwa umeshuka kwenye tundu la shingo.

Sasa kabla hujaonwa, kikikupiga tena cha ghafla, au ukaona vitu viwili viwili, au maneno yakakokota, mkono ukalegea, ukapata degedege au usingizi usio wa kawaida, au kidevu kikashindwa kugusa kifua: usilale "kukipisha", usimeze kitu, mtu akupeleke saa hiyohiyo, hata saa nane usiku. Tafuta bajaji au gari ulale ubavu kichwa kimeinuliwa kidogo, bodaboda hapana, ukizimia njiani unaanguka. Anayekupeleka awe ni mtu aliyekuona kikianza, kwa sababu wewe unaweza kufika hujui hata kueleza.

Na leo kabla hujatoka nyumbani mpigie simu mama au shangazi, uliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyeanguka ghafla akafa akiwa bado kijana, hasa baba yako au ndugu zako wa tumbo moja. Siku hizo walisema karogwa au presha, wewe uliza tu alianguka vipi, alilalamika kichwa au la. Hizi nundu zinatembea kwenye damu ya familia, na kama walioanguka hivyo ni wawili daktari anatakiwa kujua kabla hajaamua upigwe picha gani.